Pango Lisilojua Kushuka

Mkahawa wa Bewley's umekuwa katika Mtaa wa Grafton, Dublin, tangu 1927. Mwaka 1987 ukaanza mkataba wa pango wa miaka 35, kwa pauni 168,000 za Ireland kwa mwaka, na kila baada ya miaka mitano pango lingepitiwa upya kwa kufuata bei ya soko. Kipengele chenyewe kiliongeza masharti mafupi: pango jipya liwe bei ya soko au lile la kipindi kilichotangulia, lolote lililo kubwa zaidi.

Kipengele cha namna hiyo hakikuwa kigeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wenye majengo wa Uingereza waliona mfumuko wa bei ukila mapango waliyoyafunga kwa miongo kadhaa. Wakaanza kuyapitia kila miaka 14, kisha 7, hatimaye 5. Kampuni za bima na mifuko ya pensheni, zilizokuwa zikinunua majengo kwa ajili ya mapato yasiyoyumba, zikataka pia uhakika kwamba pango halitashuka. Ireland ikafuata nyayo. Bei zilipokuwa zikipanda, mpangaji hakuwa na sababu ya kusumbuka: soko lilikuwa juu ya pango la zamani kila mara, na maneno "lililo kubwa zaidi" yalikaa kwenye karatasi bila kumgusa mtu.

Mapitio ya 2007 yaliangukia kileleni mwa soko. Pango la Bewley's likafika karibu euro milioni 1.46. Mwaka uliofuata mabenki ya Ireland yakatikisika, maduka yakafungwa, na zamu ya 2012 ilipofika, thamani ya soko ya jengo lile ilikuwa karibu euro 728,000, yaani nusu tu.

Mthamini huifikiaje namba kama hiyo? Kwanza anajifanya kana kwamba jengo ni tupu na liko sokoni siku ya mapitio, na kwamba wapo mwenye jengo aliye tayari kupangisha na mpangaji aliye tayari kupanga. Kwa kawaida mkataba humtaka asihesabu wateja ambao mpangaji amejijengea, wala matengenezo aliyoyafanya kwa fedha zake. Vinginevyo angetozwa pango kwa jasho lake mwenyewe.

Kisha anatafuta mikataba mipya ya jirani, na hapo ndipo penye mitego. Tuchukue mfano wa kubuni. Duka la jirani limepangishwa kwa 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitano, lakini mpangaji amesamehewa miezi 12 ya mwanzo. Mitatu ni ya kufunga rafu na kupaka rangi, jambo la kawaida. Tisa iliyobaki ni punguzo lililofichwa: 75,000, au 15,000 kila mwaka zikigawanywa kwa mitano. Pango halisi ni 85,000. Mwenye jengo hupenda kuionyesha ile namba ya juu, maana ndiyo atakayoipeleka kwenye mapitio ya jengo lake la pili.

Futi za duka nazo hazilingani thamani. Futi 20 za mwanzo kutoka dirisha la mbele huhesabiwa kamili, 20 zinazofuata nusu, na zinazofuata robo. Duka la jirani likitoa futi za mraba 500 kwa hesabu hiyo, kila futi ni 170. Duka letu lina upana wa futi 20 na kina cha 50: 400, jumlisha 200, jumlisha 50, ni 650. Zidisha kwa 170, upate 110,500. Lakini kama pango la sasa ni 150,000, kazi yote hiyo inaishia kwenye faili, na mpangaji anaendelea kulipa 150,000.

Bewley's walikwenda mahakamani wakidai kwamba "kipindi kilichotangulia" si lazima kiwe kile cha mwisho. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikawakubalia: pango lingeweza kushuka, ila lisipite chini ya lile la 1987. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilikuwa na huruma kuliko maneno ya mkataba yalivyoruhusu. Julai 2014 Mahakama ya Juu ikaitengua. Kipindi kilichotangulia ni kile kilichomalizika punde.

Bunge lilikuwa limekwishapiga marufuku vipengele hivyo, lakini kwa mikataba iliyofungwa kuanzia 28 Februari 2010 tu. Serikali iliahidi kuigusa na ya zamani, ikaacha Desemba 2011 kwa hofu ya kukiuka haki ya mali iliyo katika Katiba. Mwenye duka aliyesaini Januari 2010 alibaki na kipengele chake. Jirani yake aliyesaini Machi angeweza kuona pango likishuka.