Kibarua, kandarasi, majaribio au kazi ya kudumu: soma tangazo kuanzia mwisho

Msimu wa watalii ukikaribia, matangazo ya kazi za hoteli huzunguka kwenye simu zetu kutoka Malindi mpaka Diani, na vijana huniuliza ni ipi inayolipa zaidi. Mimi huwajibu kwa swali: kazi hiyo itaishaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inajibu kwa njia tofauti kwa kila aina ya mkataba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hoteli tatu zinatafuta msafishaji wa vyumba. Ya kwanza inataka kibarua kwa shilingi 900 kwa siku. Ya pili inatoa kandarasi ya mwaka mmoja, shilingi 21,000 kwa mwezi. Ya tatu inatoa kazi ya kudumu kwa shilingi 20,000, na miezi 6 ya mwanzo ni ya majaribio.

Kwa siku 26 za kazi, kibarua anapata 23,400 kwa mwezi, sawa na 280,800 kwa mwaka. Wa kandarasi anapata 252,000, na wa kudumu 240,000. Wengi huishia hapo na kuchagua kibarua.

Lakini kati ya Aprili na Juni mvua hunyesha na wageni hupungua. Tuseme kwa miezi miwili kibarua anaitwa siku 10 tu kila mwezi. Amepoteza siku 32, yaani shilingi 28,800, na sasa yuko sawa na wa kandarasi kwa 252,000. Akikaa nyumbani siku 21 kwa harusi, uzazi na kupumzika, anapoteza 18,900 nyingine na kubaki na 233,100, chini ya wa kudumu. Hao wenzake wawili siku 21 za kazi kwa mwaka ni likizo yao ya malipo kisheria. Tena kibarua wa kutwa anaweza kuachwa jioni bila notisi.

Hata hivyo, kibarua habaki kibarua milele. Kwa sheria, kibarua ni anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu siku aliyoanza kibarua, anastahili haki kama vile hakuanza kwa kibarua. Ndiyo maana wako waajiri wanaomsimamisha mtu siku chache kila mwezi unapokaribia kutimia, kisha wanamwita tena. Ukiona mtindo huo, andika tarehe zako na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Mgogoro ukifika mahakamani, hizo ndizo zitakazoonyesha umefanya kazi siku ngapi.

Kandarasi ya muda maalumu huisha tarehe yake ikifika. Mwajiri hahitaji kutoa sababu ya kutokuongeza, na mahakama zetu kwa kawaida husema kuongezewa si haki ya mfanyakazi. Kwa hiyo maneno “inaweza kuongezwa” kwenye tangazo si ahadi. Uliza kama kuna kiinua mgongo mwishoni, na kama kipo, kiandikwe. Mkataba wowote wa miezi 3 au zaidi lazima uwe wa maandishi.

Majaribio si aina ya nne ya kazi. Ni mlango wa kuingilia. Hayapiti miezi 6, na yakiongezwa ni kwa ridhaa yako na kwa miezi 6 mingine tu. Wakati huo notisi ni siku 7 au malipo ya siku 7. Kwa hiyo tangazo la tatu, kwa nusu mwaka wa kwanza, lina ulinzi mdogo kuliko jina lake. Majaribio yanaweza kuwekwa hata ndani ya kandarasi, kwa hiyo yatafute huko pia.

Na kazi ya kudumu nayo si ya milele. Nafasi ikifutwa, mwajiri anatakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja na kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Malipo hayo ndiyo tofauti kubwa, maana wa kandarasi akimaliza muda wake hana dai hilo.

Kwa hiyo mwenye mkopo wa nyumba au karo ya miaka minne, tangazo la tatu linamfaa zaidi ikiwa ataweza kuvuka majaribio. Anayengoja matokeo ya chuo kwa miezi michache, kibarua cha 900 hakina ubaya, mradi ahesabu siku za mvua. Wallahu aalam.