Msawazo wa Bayes na fromaji ya Masisi

Fromaji ya Masisi haitengenezwi asubuhi ikauzwa jioni. Maziwa hugandishwa, hukamuliwa maji, hutiwa chumvi, kisha duara lile hukaa ubaoni siku nyingi kabla halijateremshwa Goma. Kwa hiyo mtengenezaji wa Kingi huamua kiasi mapema, wakati bei ya Goma bado haijaonekana na mshindani wake wa kilima cha pili naye anaamua vivyo hivyo. Siku mizigo miwili inapokutana sokoni, bei huteremka au hupanda kufuatana na jumla yake. Wanauchumi huita hali hii mchezo wa kiasi, na aliyeuandika kwanza kwa hesabu ni Mfaransa Antoine Augustin Cournot, mwaka 1838, akitumia mfano wa wauzaji wawili wa maji ya chemchemi.

Cournot alichukulia kwamba kila mmoja anajua gharama ya mwenzake. Masisi na Walikale hilo halipo, na sababu yake inajulikana: bariyeri. Watafiti wa IPIS wa Ubelgiji walipochora ramani ya vizuizi vya barabarani, mwaka 2017 walitoa hesabu ya vizuizi 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Mzigo mmoja hupita bure, mwingine hulipishwa mara tatu, na mwenye mzigo hatangazi alichotoa. Gharama yake anaijua mwenyewe.

Hapo ndipo inapoingia istilahi ya leo, msawazo wa Bayes. John Harsanyi, katika makala zake tatu za 1967 na 1968, alipendekeza njia ya kuhesabu hali kama hii, na mwaka 1994 akashiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na John Nash na Reinhard Selten. (Msomaji wa Goma anisamehe: kwake makala ni yale ya kuchoma. Haya hayawaki.) Harsanyi alisema tuchukulie kwamba kabla ya mchezo kuanza kura imepigwa, na kura hiyo ndiyo inayompa mshindani gharama yake. Mwenyewe anaiona, wewe unajua tu uwezekano wake. Anayepiga kura hiyo ningemwita Majaliwa, kwani neno “maumbile” linalotumiwa mara nyingi humfanya msomaji afikirie miti na milima. Kila gharama inayowezekana ni aina ya mshindani, na uwezekano unaoipa kila aina ni dhana yako. Nimeliepuka neno “imani” kwa kuwa katika Kiswahili imani ni ya dini, au ni huruma. Dhana inaweza kuwa na kipimo.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Bei ya kilo, kwa maelfu ya franka, ni 24 ukitoa jumla ya mizigo yote miwili, mizigo ikihesabiwa kwa mamia ya kilo. Mtengenezaji wa Kingi, tumwite Kingi, hutumia 6 kwa kilo, na kila mtu anajua. Mshindani wake hutumia 3 kama njia ilikuwa wazi, au 9 kama alilipa bariyeri. Kingi anaona uwezekano ni nusu kwa nusu, na mshindani anajua kwamba Kingi anaona hivyo.

Kosa la wanafunzi wengi huwa hapa: wanamtafutia mshindani kiasi kimoja. Hana kiasi kimoja, ana kanuni: “nikipita bure nitatoa hiki, nikilipa nitatoa kile.” Hata kama yeye mwenyewe anajua kwamba hakulipa, kile kiasi cha aliyelipa lazima kiandikwe, kwa sababu Kingi anakifikiria, na kinachofikiriwa na Kingi ndicho kinachoamua mzigo wa Kingi.

```
Mshindani (gharama c):  q2(c) = (24 - c - q1) / 2
Kingi:                  q1 = (24 - 6 - wastani wa q2) / 2
```

Kwa wastani gharama ya mshindani ni 6, hivyo wastani wa q2 ni nusu ya 18 ukitoa q1. Ukiuweka katika mstari wa pili unapata q1 = 6, yaani kilo 600. Aliyepita bure anatoa 7.5 na aliyelipa anatoa 4.5; wastani wao ni 6, kama Kingi alivyotegemea. Hakuna anayetamani kubadili uamuzi wake kwa kile anachokijua. Huo ndio msawazo wa Bayes. Bei itakuwa 10.5 au 13.5, na Kingi atapata kwa wastani faida ya 36, yaani franka milioni 3 na laki 6.

Linganisha na soko ambalo gharama iko wazi. Kingi akijua kwamba mshindani alipita bure, anapunguza mzigo hadi 5, na mshindani anaongeza hadi 8. Akijua kwamba alilipa, Kingi anapanda hadi 7 na mshindani anashuka hadi 4. Faida ya Kingi ni 25 au 49, wastani 37. Kutokujua kunamgharimu laki moja tu kila mzigo. Sikutarajia iwe ndogo hivyo.

Upande wa pili ndio mtamu zaidi. Aliyelipa bariyeri anapata 20.25 gharama yake ikiwa siri, na 16 ikiwa wazi. Aliyepita bure anapata 56.25 kwa siri na 64 kwa uwazi. Basi aliyepita bure angependa kupiga kelele sokoni, na aliyelipa angependa kunyamaza. Lakini kelele hazisaidii, kwa maana aliyelipa naye atapiga kelele zilezile. Inahitajika karatasi. Na kwenye bariyeri nyingi karatasi ipo, watu huiita jetoni: inaonyesha kwamba umelipa. Hakuna jetoni ya kuonyesha kwamba hukulipa. Mwenye ushahidi hataki kuutoa, na anayetaka kuutoa hana.

Hesabu hii ina mpaka wake. Imedai kwamba wote wawili wanakubaliana juu ya nusu kwa nusu. Bariyeri ikihama kila wiki, kila mtu ana dhana yake na msawazo tulioupata haushiki tena. Tena imechukulia kwamba gharama ya Kingi haitegemei barabara. Wote wawili wakipita njia moja kuelekea Sake, alicholipa mmoja kinamwambia kitu kuhusu mwenzake, na nusu kwa nusu haifai tena.

Sasa maneno ya kuuelezea mchezo huu kwa Kiswahili. Neno la kwanza ni “taarifa pungufu”. Wengine huandika “taarifa isiyo kamili” kwa mambo mawili tofauti: kutokumjua unayeshindana naye, na kutokuona hatua aliyokwisha chukua. Fundi wa Kingi hana shida ya pili peke yake; shida yake ni kwamba hamjui. Ningeacha “taarifa pungufu” kwa la kwanza, na la pili niliite “hatua isiyoonekana”.

La pili ni “msawazo”. Nimekuta “usawa”, nimekuta “uwiano”. Usawa unadai watu walingane, na hapa mmoja ana 7.5 na mwingine ana 6. Uwiano ni kipimo cha kitu kwa kingine. Urari ungefaa, ila wahasibu wameshauchukua. Msawazo ni hali ya mizani iliyotulia ingawa vilivyomo ndani yake havifanani, na ndiyo hali tuliyoihesabu. Mfasiri atakayeandika “usawa wa Bayes” amekosea.