Kampeni ya Kunawa Mikono kwa Modeli ya Imani za Afya: Morogoro na Milima ya Uluguru

Kampeni ya namna hii huanza kwa kuuliza watu wanaamini nini kuhusu ugonjwa na kuhusu kunawa, na ujumbe hutungwa baada ya majibu kupatikana. Modeli yenyewe haikuzaliwa kwenye maji na sabuni. Miaka ya 1950, wanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, miongoni mwao Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, walitaka kujua kwa nini watu hawaendi kupigwa eksirei ya kifua kikuu ilhali gari la vipimo limefika mtaani na huduma ni bure. Hochbaum aliwahoji watu wazima katika miji mitatu. Katika kila 100 walioamini kwamba wao wenyewe wanaweza kuugua na kwamba kugundulika mapema kuna faida, 82 walikuwa wameshapigwa picha. Kwa wasioamini lolote kati ya hayo mawili, walikuwa 21 tu.

Kuanzia hapo modeli ilikua ikawa maswali machache ambayo mtu hujiuliza, hata asipoyatamka. Je, ugonjwa huu unaweza kunipata mimi, au mwanangu? Ukinipata, ni mzito kiasi gani? Ninachoambiwa nifanye kitasaidia kweli? Kitanigharimu nini? Kisha kuna kichocheo, yaani kile kinachomgutua mtu atende sasa hivi, na mwaka 1988 likaongezwa suala la kujiamini: ninaweza kulifanya hili, kila siku, kwa hali yangu? Wapangaji wengi wa kampeni huishia kwenye maswali mawili ya mwanzo, kwa kuwa bango la kutisha ni rahisi kuchora. Katika milima ya Uluguru, kazi ngumu imo katika maswali yanayofuata.

Mtoto akiharisha

Tuanze hata hivyo na hatari, maana hapo kuna mtego ambao mgeni haoni. Mama mlengwa wa kampeni, mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano, anakijua kipindupindu na anakiogopa. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulifika mkoa wa Morogoro pia, na kila aliyesikia habari zake aliona uzito wa ugonjwa bila kuhitaji bango. Lakini kuharisha kwa kawaida kwa mtoto wa miezi minane ni habari nyingine kabisa. Mahali pengi nchini husemwa kwamba mtoto anaota meno. Kinyesi cha mtoto anayenyonya nacho huonekana hakina madhara, hivyo mama humtawaza mwanawe, akafuta mkono kwenye khanga na kuendelea kukoroga uji.

Kwa lugha ya modeli, mama huyu anaona uzito wa kipindupindu ila haoni kuwa kuharisha kwa mwanawe kunatoka mikononi. Ukimwongezea hofu ya kipindupindu, atanawa mwezi ule wa mlipuko na kuacha tangazo la redio likinyamaza. Kinachohitajika ni kuugusa mfungamano ule wa meno na kuharisha, na si kwa kumbishia mama mkwe mbele za watu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukubali kuwa mtoto anaota meno, kisha akauliza: meno yakiwasha, mtoto hufanya nini? Hutia kila kitu mdomoni, pamoja na vidole vya wanaomlea. Hapo ujumbe umepita katika imani iliyopo bila kuivunja.

Je, kumwonyesha mtu hatari yake mwenyewe hakutoshi? Swali hili liliwahi kupimwa Dar es Salaam, katika kaya 334 za pembezoni mwa jiji zenye watoto wadogo. Robo ya kaya zilipewa maelezo ya kujikinga peke yake. Nyingine zilipewa maelezo hayohayo pamoja na majibu ya vipimo vya maabara vya maji yao ya kunywa, vya mikono yao, au vyote viwili, ili waone vimelea vya kinyesi ni vyao hasa na si vya jirani. Watafiti walipochapisha matokeo mwaka 2011, hawakuweza kusema kwamba vipimo hivyo ni njia yenye thamani ya gharama zake. Walisema kazi zaidi inahitajika kujua vinafaa katika mazingira gani. Mtu anaweza kujua kabisa kwamba mkono wake ni mchafu na bado asinawe.

Bakuli la kunawia

Kampeni kubwa ya nchi iliyopimwa kwa makini ni Mikono Yenye Fahari, ambayo Programu ya Maji na Usafi wa Mazingira ya Benki ya Dunia iliendesha pamoja na serikali vijijini kuanzia 2009. Haikufuata Modeli ya Imani za Afya moja kwa moja. Ilitumia mfumo wake wenye mambo matatu, yaani fursa, uwezo na msukumo, lakini maswali yanakaribiana sana, na jina lake linaonyesha kwamba ilichagua fahari badala ya hofu. Kata 181 katika wilaya 10 ziligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapata kampeni ya kunawa, jingine ya vyoo, jingine zote mbili, na jingine halikupata kitu.

Vyoo viliitikia. Katika kata zilizohamasishwa, kaya zenye choo bora zilifika asilimia 51, huku zile zisizofikiwa zikiwa asilimia 38.6, na kujisaidia porini kukashuka kutoka asilimia 23.1 hadi 11.1. Kunawa kulisogea kidogo, na kulisogea mahali pamoja tu: wakati wa kuandaa chakula. Baada ya kutoka chooni na baada ya kumtawaza mtoto, mabadiliko hayakuonekana. Afya ya watoto nayo haikuonyesha tofauti.

Yeyote aliyekula nyumbani kwa Mluguru, au kwa Mswahili yeyote, anaweza kukisia kwa nini ni upande wa chakula uliosogea. Chakula kina desturi yake. Kabla ya ugali kufika, kijana huzunguka na birika na bakuli, wakubwa wakianza, na kukataa kunawa ni utovu wa adabu. Kichocheo kipo tayari, kimefumwa katika heshima, na ni mtu mwenye birika anayesimama mbele yako. Chooni hakuna birika wala kijana. Unatoka peke yako, na hakuna anayekutazama. Kwa hiyo kampeni ya Uluguru inayosema “nawa kabla ya kula” inawafundisha watu wanachokijua, na fedha yake ingefaa zaidi kwenye hatua zile chache kati ya choo na jiko. Katika desturi hiyo ya mezani kuna jambo moja tu la kurekebisha: pale watu wanapochovya mikono katika bakuli moja la maji matupu, wafikie kumiminiwa maji tiririka na kutumia sabuni.

Ndoo kichwani, mlima mbele

Mito ya Uluguru ndiyo inayoujaza Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Ajabu ni kwamba kaya nyingi zilizojenga kwenye migongo ya milima huteka maji chini bondeni na kuyapandisha kichwani. Kikwazo hapa kina uzito, na kinaweza kuhesabiwa. Tuchukue kwa mfano kaya ya watu 6, kila mmoja akinawa mara 5 kwa siku. Wakitumia kikombe cha nusu lita kila mara, ni lita 15, karibu ndoo nzima ya lita 20, yaani safari moja zaidi ya mama au binti kila siku inayopotelea ardhini. Hakuna tangazo litakalomshawishi.

Kibuyu chirizi hubadilisha hesabu hiyo. Ni dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto karibu na mdomo, likaning’inizwa kwenye mti wa kulala juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba hutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika, wala huligusi kwa mkono mchafu. Matumizi yake hutajwa kuwa mililita 40 hivi kwa kunawa mara moja. Kaya ileile sasa inatumia lita 1.2 kwa siku, na dumu moja linadumu siku nne.

Sabuni ina kikwazo chake. Kipande cha sabuni ya mche kwa kawaida kimo ndani ya nyumba, kikingoja nguo. Kukitoa nje mama huona ni kukipoteza: watoto watakichezea, kuku watakidonoa, mvua itakiyeyusha. Njia inayopunguza hofu hiyo ni kukoroga gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, kutoboa kizibo, na kuifunga chupa kando ya dumu.

Kudharau vikwazo vya namna hii kuna historia milimani humu. Mwaka 1955 Waluguru waligoma na kuandamana wakipinga mpango wa kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi mashambani, na huko Matombo mtu akafa. Maofisa walikuwa na hoja kuhusu mmomonyoko. Hawakuwa na hesabu ya jasho la mkulima wala ya alichoona kinarudi shambani. Sheria ndogo ya faini kwa kaya isiyo na kibuyu chirizi hufuata njia ileile, na matokeo yake yanajulikana: dumu hutundikwa bwana afya akitarajiwa, likiwa tupu. Kinyume chake ni Mtu ni Afya ya 1973, pale watu wazima wapatao milioni 2 nchini walipokaa katika vikundi kusikiliza redio, kujadili na kukubaliana watafanya nini wao wenyewe. Vyoo vingi vilichimbwa kutokana na vikao vile.

Kujua kama wananawa

Ukiuliza, karibu kila mtu atasema ananawa. Ukikaa uani asubuhi nzima kuangalia, utaona kidogo zaidi ya ukweli, maana mgeni mwenye daftari naye ni kichocheo. Huko Bangladesh watafiti walificha vihisi mwendo ndani ya vipande vya sabuni, wakakuta siku ya mwangalizi sabuni inasogezwa kwa asilimia 35 zaidi ya siku nyingine.

Kwa hiyo mkaguzi mzoefu huacha dodoso mkobani na kuangalia chini ya dumu. Udongo uliolowa, au majani mabichi yaliyoota pale pekee wakati wa kiangazi, ni ushahidi. Kijiti cha kukanyagia kilicholainika ni ushahidi. Kamba mpya na chupa ya sabuni iliyojaa pomoni hazisemi kitu. Kisha huuliza swali moja: nani hulijaza dumu? Likitajwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mtoto wa shule, na huyo mtoto akaonyesha anapoweka kata yake, hapo pana matumaini. Jibu likiwa “sisi sote”, aghalabu dumu ni kavu.