Kosa Lilikuwa Ndani ya Seli: Kutoka Gereza la Stateville hadi Kuondolewa kwa Lapdap

Mwezi Februari 2008, dawa ya malaria iitwayo Lapdap iliondolewa sokoni barani Afrika, miaka mitano tu baada ya kuidhinishwa. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya Waafrika, kwa bei ambayo maskini angeimudu. Iliondolewa kwa sababu baadhi ya wagonjwa walioitumia walipungukiwa damu ghafla. Insha hii inaeleza kwamba hatari hiyo haikuwa ngeni. Ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1950, na waliolipa gharama ya kujulikana kwake walikuwa wafungwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilihitaji dawa za malaria kwa askari wake waliokuwa Pasifiki. Mwaka 1944 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walianza kazi katika gereza la Stateville, karibu na mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Wafungwa walitia saini kukubali kuambukizwa malaria na kujaribiwa dawa. Baadaye, katika kesi ya madaktari wa Kinazi kule Nuremberg, mawakili wa utetezi waliutaja utafiti huu wakitaka kuonyesha kwamba hata Marekani iliwafanyia wafungwa majaribio. Swali la msingi lilikuwa hili: je, mtu aliye kifungoni, anayetumaini kupunguziwa adhabu, anaweza kusemekana amekubali kwa hiari? Swali hilo halijazeeka.

Dawa moja iliyotokana na kazi hiyo ni primakwini. Kwa wafungwa wengi, miligramu 30 kwa siku hazikuleta shida kubwa. Lakini kwa takriban mmoja kati ya kila wafungwa kumi Weusi mambo yalikuwa tofauti. Siku ya pili au ya tatu mkojo uligeuka mweusi kama chai ya rangi, macho yakawa manjano, na damu ikapungua kwa haraka. Watafiti wakajiuliza: tatizo liko wapi? Je, mwili wa mtu huyu unatengeneza sumu kutokana na dawa, au seli zake nyekundu zenyewe ndizo dhaifu?

Raymond Dern na wenzake walilijibu swali hili mwaka 1954 kwa njia rahisi kueleweka. Walichukua seli nyekundu za mtu anayedhurika, wakazitia alama ya kromiamu yenye mionzi, kisha wakamwongezea damu hiyo mtu asiyedhurika. Mtu huyo alipopewa primakwini, seli za mgeni zikavunjika, zake mwenyewe zikabaki salama. Wakageuza jaribio: seli za mtu asiyedhurika zikatiwa katika mwili wa anayedhurika. Dawa ilipotolewa, seli za mgeni zikaishi huku za mwenyeji zikivunjika. Basi kosa halikuwa kwenye ini, figo wala tumbo. Lilikuwa ndani ya seli.

Mwaka 1956, Paul Carson na wenzake walikitaja kitu chenyewe kilichokosekana: kimeng'enya kiitwacho dehidrojenasi ya glukosi-6-fosfati, kwa kifupi G6PD. Ili kuelewa kazi yake, tukumbuke kwamba seli nyekundu husafirisha oksijeni, na oksijeni huunguza vitu kama inavyotia kutu chuma. Seli hujikinga kwa glutathioni, ambayo huzima sumu za oksijeni lakini yenyewe huchakaa kila inapofanya hivyo. Lazima irudishwe katika hali yake ya awali, na nguvu ya kuirudisha hutokana na sukari kupitia hatua inayoendeshwa na G6PD. Seli nyingine za mwili zina njia za ziada za kupata nguvu hiyo. Seli nyekundu haina.

Siku za kawaida, kimeng'enya kidogo kinatosha, na mwenye upungufu huu anaweza kuishi miaka mingi bila kujua. Mambo hubadilika anapomeza kitu kinachozidisha sumu za oksijeni ndani ya seli. Primakwini na dapsoni hufanya hivyo. Maharage makubwa ya fava, ambayo Wamisri huyapika na kuyaita ful, hufanya hivyo pia, kwa sababu yana visini na konvisini, ambazo tumboni hugeuka kuwa sumu za aina hiyo. Maharage yetu ya kawaida hayana tatizo hilo. Glutathioni ikiisha, himoglobini huharibika na kuganda vipandevipande kwenye ukuta wa seli. Seli nyingine hupasuka ndani ya mishipa, nyingine hunaswa na bandama. Himoglobini iliyomwagika ndiyo inayotia mkojo weusi.

Stateville ilifunua jambo jingine ambalo bado huwapotosha watu. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, damu ya wafungwa wale ilianza kupanda tena, ingawa waliendelea kumeza dawa. Ernest Beutler na wenzake walionyesha sababu: waliozidiwa ni wazee. Seli nyekundu huishi takriban siku 120 na, kwa kuwa haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Katika aina ya upungufu iliyoenea Afrika, seli changa huzaliwa na G6PD ya kutosha, lakini hupotea upesi seli inapozeeka. Seli zilizopita siku 60 zilivunjika. Zenye wiki moja hadi tatu zilistahimili. Ndiyo maana mtu akipimwa mara tu baada ya shambulio, kipimo kinaweza kusema hana tatizo: seli zilizokuwa na upungufu zimekwisha kufa. Inabidi apimwe tena baada ya miezi kadhaa. Katika aina ya nchi za Mediterania, hata seli changa zina kimeng'enya kidogo mno, na madhara huwa makali zaidi.

Turudi Afrika. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo kuhusu upungufu huu kwa watu wa Afrika Mashariki. Urithi huu umeenea hasa palipo na malaria, kwa kuwa unaelekea kumkinga mtu dhidi ya malaria kali. Kwa maneno mengine, palipohitajika dawa ya malaria ndipo palipokuwa na wengi wasioweza kuivumilia dapsoni. Na Lapdap ilikuwa na dapsoni. Mtoto wa kilo 20 alipewa takriban miligramu 50 kwa siku, kwa siku tatu. Dawa iliyochanganywa nayo artesuneti ilipojaribiwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania, watoto wenye upungufu walipoteza damu nyingi, na kiwango chao kilizidi kushuka hadi takriban siku ya saba, dozi ikiwa imekwisha zamani. Baadhi walilazimika kuongezewa damu. Mama aliyemwona mwanawe amepoa homa siku ya tatu asingekuwa na sababu ya kurudi zahanati.

Watetezi wa Lapdap hawakuwa wajinga. Malaria ilikuwa ikiua watoto, dawa za zamani zilikuwa zikishindwa, na kipimo cha G6PD hakikuwepo vijijini. Walipima hatari mbili wakachagua moja. Lakini kizani hapo ilipaswa kuwekwa pia elimu iliyopatikana Stateville nusu karne kabla. Wafungwa wale walitoa damu yao ili ijulikane nani atadhurika, na ilipofika zamu ya kuwalinda watoto wa Afrika, hatua ya kuwapima kwanza ndiyo iliyorukwa.