Mhusika Mkuu na Mhusika Asiye na Mchezaji

Katika mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kampuni changa ya Tactical Studies Rules ilitoa kisanduku chenye vijitabu vitatu, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vilivyokuwa na kanuni za mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons; na katika kijitabu cha kwanza mlikuwamo sehemu fupi juu ya wahusika wasio na mchezaji. Herufi tatu, NPC, ambazo vijana wa leo huwatupia wenzao kwa dharau, wakimaanisha mtu baridi, asiye na fikira zake, aendaye kama mashine, ni ufupisho wa istilahi hiyo kwa Kiingereza, na yeyote atakaye kujua jinsi neno la uamuzi wa mchezo lilivyogeuka kuwa tusi hana budi kuanzia hapo.

Waliokaa kuuzunguka mchezo huo walimwakilisha kila mmoja mtu wake wa kubuni, huyu shujaa wa upanga, yule mganga wa uchawi, na mwingine kasisi. Lakini mmoja wao, ambaye ni mwamuzi, aliwachukua walimwengu wote waliosalia, kuanzia mwenye nyumba ya wageni hadi bawabu wa lango. Kwa hiyo, tangu asili, tofauti baina ya mhusika wa mchezaji na mhusika asiye na mchezaji haikuwa tofauti ya akili wala ya roho. Ilikuwa tofauti ya nani amsemeaye.

Na tutazame jinsi mtu huyo alivyoajiriwa, kwa maana humo ndimo heshima yake inapoonekana. Mchezaji aliyetaka askari wa kukodi alipaswa kubandika matangazo katika nyumba za wageni au kutuma wajumbe, na kugharimia yote hayo. Kisha amtolee mtu ahadi isiyopungua vipande 100 vya dhahabu, akijua kuwa mbilikimo hupenda dhahabu kuliko yote, mchawi hutaka vitu vya uchawi, na kasisi hutaka hakika ya mahali pa kufanyia ibada. Hapo mwamuzi alirusha dadu mbili. Jumla ikiwa 2, mtu yule hughadhibika akashambulia. Ikiwa 3 hadi 5, hukataa kwa uadui. 6 hadi 8, husitasita. 9 hadi 11, hukubali. Na ikiwa 12, hukubali kwa furaha, na uaminifu wake huongezewa 3. Kwa kuwa dadu mbili huweza kuanguka kwa namna 36, na 16 kati ya hizo huangukia baina ya 6 na 8, jibu la kawaida la mtu huyu lilikuwa kusita, jambo ambalo mashine haina. Tena uaminifu wake ulipimwa kwa dadu tatu, na mwamuzi aliandika hesabu ile bila ya kumwonyesha mchezaji, hata mwajiri hakuweza kujua kama mtumishi wake atasimama naye au atamkimbia. Huyo alikuwa NPC wa kwanza: mtu mwenye haja zake, na siri moyoni ambayo shujaa hana idhini ya kuisoma.

Kilichomwondolea moyo huo kilikuwa uchache wa nafasi. Mchezo ulipohamia katika kompyuta mwamuzi akatoweka, na kila neno la kila mwanakijiji likabidi liandikwe mapema na kuhifadhiwa. Dragon Quest, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1986, ulitiwa wote ndani ya kaseti yenye kilobaiti 64, na humo ilibidi zikae ramani, majitu, muziki na maneno ya watu. Basi mwanakijiji akapewa sentensi moja au mbili, na mchezaji akibonyeza kitufe mara kumi husikia yale yale mara kumi. Wako waliojitahidi kuliponya jambo hili: katika Ultima V ya Richard Garriott, mwaka 1988, watu wa mjini waliamka asubuhi, wakaenda kazini, wakala, na usiku wakarudi kulala, awepo shujaa au asiwepo. Lakini tabia ya kurudia haikwisha, na katika Skyrim ya mwaka 2011 walinzi wa mji huu na mji ule walisimulia kisa kile kile cha mshale uliowachoma gotini, mpaka kikawa mzaha wa dunia. Watoto waliokulia katika michezo hiyo walijifunza, bila ya kufundishwa, kwamba arudiaye maneno hana mtu ndani yake.

Mwezi Septemba 2018 ikaenea katika mtandao picha ya uso wa kijivu, usio na hisia, ulioitwa NPC, na ilitumiwa zaidi na wafuasi wa Rais Trump dhidi ya wapinzani wao. Mwezi uliofuata, uchaguzi wa bunge la Marekani ukikaribia, Twitter ilifunga akaunti zipatazo 1,500 zilizojifanya nyuso hizo. Shaka yenyewe ni kongwe, kwani Descartes, mwaka 1641, aliwatazama wapita njia kutoka dirishani akajiuliza kama chini ya kofia na majoho yale si mitambo tu. Lakini yeye aliishitaki hukumu ya macho yake mwenyewe, na hawa waliwashitaki majirani.

Walitafuta na hoja ya kielimu. Walidai kwamba wako watu wasiosikia sauti ya maneno vichwani mwao, na kwamba watu hao hawafikiri. Chanzo kilikuwa kazi ya Russell Hurlburt wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, ambaye humpa mtu chombo kidogo kinacholia ghafla wakati wowote wa mchana, naye huandika kilichokuwamo nafsini mwake kabla tu ya mlio, kisha huhojiwa kwa utaratibu. Ni kweli kwamba maneno ya ndani yalipatikana katika takriban robo tu ya nyakati hizo, na kwamba wako watu ambao hayakupatikana kwao kabisa. Lakini waliokosa maneno walikuwa na picha, au hisia, au fikira kamili isiyovaa neno wala picha. Utupu uliotajwa katika tusi lile haukutoka katika daftari zake.

Upande wa pili wa mizani akawekwa mhusika mkuu, naye alipewa maana mbili zilizopingana. Mapema mwaka 2019 ilisemwa katika Twitter kwamba kila siku hutokea mhusika mkuu mmoja, na busara ni kutokuwa yeye. Yaani mtu aliyesema neno la ovyo, asijue kuwa maelfu wamekwisha kusanyika kumcheka. Lakini mwezi Mei 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa maradhi, video moja ya TikTok iliwahimiza wajione wahusika wakuu wa maisha yao, wasije wakapitwa nayo, na wengi wakajipiga picha wakinywa kahawa dirishani kana kwamba filamu inaendelea. David Elkind, mwanasaikolojia, alikuwa ameieleza hulka hii mwaka 1967 kuhusu vijana: kwamba kijana hudhani yuko mbele ya hadhira isiyokuwapo, na kwamba kisa chake hakijapata kumpata mwingine. Shujaa wa 2020 na mghafilika wa 2019, kwa rai yangu, ni mtu mmoja. Ila mmoja anajitazama mwenyewe, na wa pili anatazamwa na wengine.

Mwezi Julai 2023 mwanamke mmoja wa Montreal, Kanada, akajifanya NPC kwa kusudi mbele ya kamera. Kila mtazamaji alipomtumia zawadi ya kuchorwa, kama aiskrimu, iliyonunuliwa kwa fedha halisi, alirudia neno lile lile kwa ishara ile ile, huku akibana punje za bisi moja moja kwa pasi ya kunyooshea nywele mpaka zikapasuka. Walimwita roboti. Lakini zawadi zilimiminika pasipo mpangilio, naye alipaswa kuisoma kila moja, akumbuke jibu lake, alitoe papo hapo bila ya uso kubadilika, kwa muda mrefu na bila ya kupumzika. Na hiyo ni kazi ya mwigizaji, iliyolipwa, baada ya kampuni kukata fungu lake, kwa fedha za wale wale waliomdhania hana akili.