Mwiba wa Nchani, Mwiba wa Ubavuni

Katika kijitabu kimoja cha mafunzo ya maabara, ambacho sitakitaja kwa sababu waliokiandaa wanajijua, chini ya picha ya yai la kichocho limeandikwa maelezo haya: "yai lenye uti wa mgongo wa mwisho." Mwanafunzi wangu mmoja, kijana makini asiyependa mzaha, alininyooshea mkono na kuuliza: "Mwalimu, kumbe yai hili lina mifupa?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikwisha kuwaandikia wahusika barua kuhusu neno hilohilo, nikajibiwa kwamba suala langu "limepokelewa".

Msomaji amekwisha kuliona yai lenyewe, walau kwenye bango: umbo la duaradufu, ganda jembamba lenye rangi ya manjano iliyofifia, na ndani yake kiluwiluwi. Yai la kichocho cha mkojo lina kichongo kwenye mwisho wake mmoja. Yai la kichocho cha matumbo lina kichongo kikubwa zaidi kilichotokeza kando, karibu na upande ulio mpana. Hicho kichongo ndicho tunachogombania.

Kosa la "uti wa mgongo" lilianzia Roma. Kilatini kilikuwa na neno moja, spina, lililobeba maana ya mwiba, maana ya mfupa wa samaki na maana ya uti wa mgongo. Kiingereza kikalirithi pamoja na mzigo wake wote. Aliyefungua kamusi akachukua maana ya kwanza aliyokutana nayo, akafunga, akaenda kunywa chai. Kiswahili hakijawahi kuchanganya mambo hayo. Uti ni nduguye mti: ndio mhimili uliosimama katikati na kubeba vingine. Mwiba haubebi kitu. Kazi yake ni kuchoma. Tuna mwiba wa mgunga, mwiba wa nyuki na mwiba wa samaki ule unaokwama kooni, na katika yote hiyo hakuna aliyewahi kuuita uti. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya istilahi haihitaji kikao. Ni mwiba. Waliopendekeza "sindano" na "msumari" niliwasikiliza kwa adabu, lakini sindano hushikwa na mtu na msumari hugongomelewa, ilhali kichongo hiki kimeota kutoka kwenye ganda lenyewe, na kuota ni sifa ya mwiba.

Vita viko kwenye nusu ya pili. Wapo wasemao "mwiba wa mwisho" na "mwiba wa pembeni", na jozi hii ndiyo iliyobandikwa ukutani katika maabara nyingi nilizotembelea. Mwiba wa mwisho? Wa kwanza ulikwenda wapi? Kivumishi hicho masikioni mwa Mswahili kinahesabu: mtoto wa mwisho, basi la mwisho. Ama "pembeni", hilo ni baya zaidi kwa kuwa linafanana na ukweli. Pembe ni kona, na pembe ni ile ya ng'ombe, iliyochongoka. Yai la duaradufu halina kona, na kama msomaji atalazimishwa kuitafuta pembe ya yai, ataiona pale lilipochongoka, yaani mwishoni. Nimeshuhudia wanafunzi watatu katika mtihani mmoja wakiandika "pembeni" kwa yai la kichocho cha mkojo, na sikuwa na moyo wa kuwanyima alama. "Mwiba wa upande" nao haufiki mbali, kwani mwisho wa yai nao ni upande mmojawapo.

Ninachotetea, na nimekitetea kwa miaka, ni mwiba wa nchani na mwiba wa ubavuni. Ncha ni ya kisu, ya ulimi, ya kalamu. Lakini pia tunasema Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini, na dunia haikuchongoka popote. Lugha imekwisha kukubali kwamba kitu cha mviringo kina ncha mbili, zinazokabiliana. Mpinzani wangu mmoja, msomi mwenye suti nzuri, alidai kwamba neno hilo litachanganywa na ncha ya mwiba wenyewe. Ndiyo maana nimeweka -ni. Sikusema mwiba wenye ncha, nimesema mwiba uliopo nchani. Kiambishi hicho kidogo kinafanya kazi ambayo kamati nzima ya istilahi ilishindwa kuifanya. Huyohuyo alisema "ubavuni" humaanisha kando ya mtu, si juu ya mwili wake. Namwomba aende zahanati aseme ana maumivu ya ubavuni, aone kama daktari atakwenda kumpima aliyekaa naye kwenye benchi.

Atakayeona kuwa huu ni ugomvi wa maneno matupu akumbuke kwamba mahali pa mwiba palizua ugomvi mkubwa kuliko huu wangu. Theodori Bilhazi alimwona mnyoo wa kichocho Kairo mwaka 1851, na kwa miongo mingi mayai ya aina zote mbili yalihesabiwa kuwa ya mnyoo mmoja. Patriki Manson alipokutana mwaka 1902 na mgonjwa aliyetoka visiwa vya Karibi, mwenye mayai ya mwiba wa ubavuni kwenye choo na hana hata moja kwenye mkojo, alishuku kwamba wako wawili. Sambon akampa huyo wa pili jina la mansoni mwaka 1907. Artha Loosi, bingwa wa minyoo aliyekuwa Misri, alikataa katakata: kwake mwiba wa ubavuni ulitokana na majike ambayo hayajapandwa. Shauri lilikwisha mwaka 1915, Robati Leipa alipoonyesha hukohuko Misri kwamba kila aina inapitia kwa konokono wake. Mwiba ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye picha, maana ndiko neno ubavu linakolipa gharama zake.

Niliwapa wanafunzi picha mbili. Ya kwanza ni mashapo ya mkojo, yamejaa chembe nyekundu za damu, na katikati yai moja. Picha haina kipimo, lakini chembe za damu ndizo rula yetu: kila moja ina upana wa takribani maikrometa 7. Tulizipanga kwa jicho kutoka ncha hadi ncha tukapata kama 20, sawa na maikrometa 140 hivi. Yai la kichocho cha mkojo huwa kati ya 110 na 170, kwa hiyo linaingia. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, kwa sababu chembe husinyaa katika mkojo mzito na kuvimba katika mkojo mwepesi. Kisha mwiba. Kwenye ncha moja palikuwa na kichongo kifupi, na swali la kujiuliza ni kama mstari wa ganda unaingia ndani ya kichongo bila kukatika. Uzi wa pamba au fuwele iliyoegemea yai huweza kujifanya mwiba, lakini uzi hupita juu ya ganda na kuendelea upande wa pili, na fuwele huacha mpaka unaoonekana pale inapoligusa. Hapa ganda lilitiririka hadi kwenye kichongo. Mwiba wa nchani. Kichocho cha mkojo.

Picha ya pili ni ya choo, kwa njia ya Kato-Katz, rangi ya kijani ya selofani ikiwa imetapakaa nyuma. Yai lina ukubwa uleule, ncha moja imekuwa nyembamba na kujipinda kidogo, nyingine pana. Mwiba hakuna. Darasa likagawanyika. Wengine wakasema si kichocho. Mmoja aliyesoma sana akasema ni kichocho cha Asia ya Mashariki, ambacho yai lake lina kinundu kidogo kisichoonekana kwa urahisi. Nikamwambia kwamba yai hilo ni dogo na la mviringo zaidi, mara nyingi halifiki hata maikrometa 100, na mgonjwa wetu ni mvuvi wa Ukerewe.

Ndipo yule kijana wa mifupa akasema, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nadhani limelalia mwiba wake."

Sikumfundisha kauli hiyo. Aliitoa kwenye neno. Kitu chenye ubavu kinaweza kulala kwa ubavu, na kikilala upande ule wenye mwiba, mwiba unakwenda chini na mtazamaji haoni kitu. Mwiba wa nchani hauna uwezo wa kujificha hivyo, kwa kuwa yai likigeuka vyovyote kwa urefu wake ncha inabaki pembezoni mwa picha. Je, "mwiba wa upande" ungempa wazo hilo? "Wa pembeni"? Ningependa kusikia majibu ya kamati.

Kwenye hadubini dawa yake ni rahisi: unazungusha taratibu kirekebishi cha picha, juu na chini, mpaka kivuli cha mwiba kijitokeze chini au juu ya mwili wa yai, na kama ni slaidi ya majimaji unakigonga kidogo kioo cha juu kwa ncha ya penseli, yai linabingirika. Choo kilichobanwa chini ya selofani hakibingiriki, na picha haina hata kirekebishi. Kinachobaki ni umbo, yaani ile ncha nyembamba iliyojipinda, na kutafuta mayai mengine. Tulipotazama picha nyingine ya slaidi hiyohiyo, mayai manne kati ya matano yalikuwa na mwiba wa ubavuni uliochomoza kama mwiba wa waridi. Kama lile lingekuwa peke yake, jibu la haki lingekuwa "yai linaloshukiwa, rudia sampuli".

Matumizi, kwa kifupi: kwenye fomu andika mwiba uliouona na sampuli ulimouonea, kwa sababu mwiba wa nchani huweza kukutwa kwenye choo pia. Pemba na Unguja ni kichocho cha mkojo kinachoenea, kandokando ya Ziwa Viktoria ni cha matumbo, lakini mgonjwa ana miguu, na ramani isiandike jibu kabla ya jicho. Mkojo hesabu kwa mililita 10, uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Choo cha Kato-Katz cha miligramu 41.7, zidisha kwa 24: mayai 7 ni 168 kwa gramu.

Bango la "mwiba wa mwisho" bado liko ukutani katika maabara ninayofundishia. Nililisahihisha kwa kalamu nyekundu mwezi uliopita. Wiki iliyofuata nikakuta wamebandika jingine jipya juu yake, lenye maneno yaleyale, ila safari hii wamelifunika kwa plastiki.