Sigma na Mgawo wa Mtawanyiko katika Vipimo vya Maabara

Sigma, katika istilahi ya maabara za tiba, ni hesabu inayobainisha ni mara ngapi mtawanyiko wa kawaida wa kipimo unaweza kuingia katika nafasi iliyosalia baina ya pale majibu yake yanapoangukia kwa desturi na mpaka ambao, jibu likiuvuka, tabibu aweza kupotoshwa katika hukumu yake. Mambo matatu hukutana katika hesabu hiyo. La kwanza ni kosa jumla linaloruhusiwa, ambalo huandikwa TEa, yaani umbali ambao jibu limepewa idhini ya kuwa mbali na kweli. La pili ni mwelemeo, yaani tabia ya mashine kupendelea upande mmoja siku zote, ama juu ama chini. La tatu ni mgawo wa mtawanyiko, ambao alama yake ni CV, nao hupatikana kwa kuugawanya mkengeuko sanifu kwa wastani na kuzidisha kwa mia, ili kutangatanga kwa majibu ya sampuli ile ile kusomeke kwa asilimia.

```
CV = (SD / wastani) x 100
Sigma = (TEa - |mwelemeo|) / CV
```

Jina la sigma liliingia maabara kutoka viwandani, ambako katika miaka ya 1980 kampuni ya Motorola ya Marekani, kwa juhudi za mhandisi Bill Smith, ililifanya kuwa kipimo cha ubora wa bidhaa. Walakini fikra iliyo chini yake ni kongwe zaidi katika tiba yenyewe. Mwaka 1974 James Westgard pamoja na Carey na Wold walieleza kwamba mwelemeo na mtawanyiko havifai kuhukumiwa mbalimbali, kila kimoja kwa mizani yake, kwa kuwa tabibu hapokei mwelemeo leo na mtawanyiko kesho, bali hupokea jibu moja lililobeba yote mawili kwa pamoja.

Na tuchukue mfano wa sukari ya damu, tena mahali palipo na uzito wake, yaani milimoli 7.0 kwa lita, ambapo mtu aliyefunga usiku kucha akifika huhesabiwa kuwa yumo katika kiwango cha ugonjwa wa kisukari. Maabara imepima sampuli ya udhibiti, ambayo mafundi huiita kontroli, mara moja kila siku kwa muda wa siku 20. Wastani wa majibu hayo ni 7.10, na mkengeuko sanifu ni 0.14, hivyo CV ni takriban asilimia 1.97. Maabara nyingine zitumiazo mashine ya namna ile ile, na kontroli ya bechi ile ile, zimepata wastani wa 7.00, na kwa hiyo mwelemeo ni 0.10, nayo ni asilimia 1.43. Kanuni za serikali ya Marekani zijulikanazo kama CLIA, ambazo maabara nyingi nje ya nchi hiyo huziazima pia, tangu mwaka 2025 zimeruhusu sukari ipotoke kwa asilimia 8. Toa 1.43 katika 8, husalia 6.57, gawanya kwa 1.97, na sigma ni 3.3.

Kabla ya kuihukumu namba hiyo, inapasa kukumbuka kwamba hadi mwisho wa mwaka 2024 kanuni zizo hizo ziliruhusu asilimia 10. Kwa mpaka ule wa zamani, mashine hii hii, pamoja na vitendanishi hivi hivi na mikono hii hii, ingepata sigma ya 4.4. Na lau maabara ingechagua mpaka unaotokana na jinsi sukari inavyopanda na kushuka yenyewe katika mwili wa mwanadamu, ambao katika orodha iliyotumika kwa miaka mingi ni karibu asilimia 7, sigma ingeshuka hadi 2.8. Hakuna kilichobadilika katika mashine. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa. Kwa ajili hiyo sigma iliyotajwa bila kutaja TEa yake haina maana yoyote, na mnunuzi wa mashine anayeoneshwa namba nzuri bila kuambiwa imepimwa kwa mpaka gani ana haki ya kuuliza kabla hajatia saini. Upo pia upande wa pili wa hadhari hii, nao ni mpaka uliobana mno: chumvi ya natiri hubadilika kidogo sana katika damu ya mtu mzima wa afya, hata mpaka unaotokana na tabia hiyo ya mwili hauzidi asilimia moja, na mashine za kawaida hufeli mbele yake, si kwa ubovu wake, bali kwa sababu mwili ni thabiti kuliko chombo.

Sasa sigma ya 3.3 inasema nini? Wengi huitazama kama alama za mtihani, ambapo 6 ni hodari na 3 ni aliyeponea chupuchupu, kisha wakafunga daftari. Mimi naona usomaji huo unaacha sehemu iliyo bora ya maarifa haya. Mashine ikiwa katika hali yake ya kila siku, hata hii ya 3.3 hutoa majibu machache mno yaliyovuka mpaka, pungufu ya 1 katika 2,000. Shida haimo katika siku ya kawaida, bali imo katika siku ambayo kitu kimeharibika: taa ya mashine imechoka, au kitendanishi kimekaa joto kupita kiasi, na majibu yote yakasogea upande mmoja. Hapo swali ni hili: je, kontroli itapiga kelele kabla wagonjwa hawajadhurika?

Hesabu ya jibu ni nyepesi. Ukitoa 1.65 katika sigma, unapata idadi ya mikengeuko sanifu ambayo majibu yakisogea, sehemu ya 5 katika 100 itakuwa imevuka mpaka. Kwa mashine yetu ni takriban 1.7. Fundi, kwa upande wake, hutazama chati iliyoasisiwa na Levey na Jennings mwaka 1950, yenye mstari wa wastani katikati na mistari ya mikengeuko juu na chini, naye hulikataa jibu la kontroli likiruka mstari wa tatu. Lakini msogeo wa 1.7 ni mdogo mbele ya mstari wa tatu: kontroli moja iliyopimwa siku hiyo ya msiba ina nafasi ya takriban 9 katika 100 tu ya kuuruka. Yaani majibu mabaya yanatoka kwenda wodini, na chati iko kimya. Kwa mashine yenye sigma 6, msogeo wenye madhara kama hayo ni wa mikengeuko 4.35, na kontroli moja huukamata mara 91 katika 100. Hii ndiyo tofauti ya kweli baina ya 3 na 6: kwa sigma kubwa, kosa la hatari ni kosa kubwa lionekanalo wazi, kwa sigma ndogo, kosa la hatari hufichama ndani ya mtawanyiko wa kila siku.

Kutokana na hayo hufuata taratibu za kazi. Penye sigma 6, kontroli mbili na mstari wa tatu peke yake hutosha, na ni dhuluma kwa fundi kumpa kengele za bure. Penye sigma 5 au 4 huongezwa kanuni ambazo Westgard na wenzake walizitoa mwaka 1981, kama ile ya kontroli mbili mfululizo kuvuka mstari wa pili upande mmoja, au nne mfululizo kuvuka mstari wa kwanza. Chini ya 4 kanuni zote hutumika pamoja, kontroli hupimwa mara nyingi zaidi katika siku, na makundi ya wagonjwa baina ya kontroli moja na nyingine hupunguzwa.

Walakini yote haya yameegemea CV, na CV ndiyo sehemu ya hesabu inayoaminiwa kwa wepesi kuliko inavyostahili. Siku 20 ni chache. Mkengeuko uliopatikana kwa vipimo 20, kwa kanuni za takwimu, waweza kuwa kwa hakika kati ya robo tatu na karibu mara moja na nusu ya ule ulioonekana. Kwa hiyo sigma yetu ya 3.3 yaweza kuwa 4.4, na kadhalika yaweza kuwa 2.3. Fauka ya hayo, siku 20 zilizopita ndani ya bechi moja ya kitendanishi na kalibresheni moja huonesha utulivu ambao mwaka mzima hauna. Afadhali miezi sita, ila mwenye kujumlisha azitazame kwanza nukta za chati: zikipanda ngazi ghafla siku bechi mpya ilipofunguliwa, hapo pana mielemeo miwili iliyochanganywa, na CV kubwa inayotokea ni kivuli cha ngazi hiyo, si mtawanyiko.

Kuna pia chanzo kingine cha mtawanyiko kilicho karibu zaidi na mkono. Kontroli nyingi huja zikiwa unga mkavu katika kichupa, na fundi huziyeyusha kwa mililita 5 za maji safi, huacha zitulie, kisha hukigeuza kichupa polepole bila kukitikisa hadi povu. Akitia mililita 4.9 badala ya 5, kila kitu kilichomo huongezeka kwa asilimia 2, nayo ni sawa na CV nzima ya mashine yetu. Kosa hili lina alama yake: sukari haipandi peke yake, bali kreatinini, natiri na kolesteroli za kichupa hicho hupanda pamoja kwa uwiano mmoja. Mashine ikikosea, aghalabu kipimo kimoja ndicho huyumba na jirani zake hubaki walipo.

Maji hayo yana jambo la ajabu kidogo. Damu ya mgonjwa haiyeyushwi kwa maji, basi mtawanyiko utokanao na pipeti huingia katika CV ya kontroli bila kuingia katika jibu la mgonjwa, na sigma ikaonekana duni kuliko huduma yenyewe. Tuseme katika mfano wetu pipeti ilichangia mtawanyiko wa asilimia 1.4. Mitawanyiko haijumlishwi hivi hivi, bali kwa miraba yake, nao mraba wa 1.4 ni karibu nusu ya mraba wa 1.97, kwa hiyo kinachobaki kwa mashine ni 1.4 nyingine. Maabara ikiacha pipeti ya kubonyeza iliyochakaa na kushika pipeti ya kioo yenye alama moja, au ikinunua kontroli iliyo tayari katika hali ya majimaji, sigma hupanda hadi 4.7 ilhali mwelemeo haujaguswa. Lau ingeshughulikia mwelemeo peke yake, ikaufuta wote kwa kalibresheni mpya, ingefika 4.1 tu. Na kwa sigma ya 4.7, ule msogeo wa hatari, ambao kontroli moja ilikuwa ikiukamata mara 9 katika 100, sasa hukamatwa takriban mara 52.